Mahali Utando Unapokatika: Fandesheni, Konsila na Miwani

Vua miwani saa nne asubuhi, igeuze, kisha uangalie vile vipedi viwili vinavyokaa puani. Kama ulipaka fandesheni kabla ya kutoka nyumbani, huenda ukakuta madoa mawili yenye rangi ya ngozi yako, na kwenye kioo ukaona mapengo mawili yenye kingo kali pande zote za pua. Chini ya macho, pale ukingo wa fremu unapogusa shavu ukicheka, kuna mstari uliopinda kama umechorwa. Wengi wakiona hivyo huongeza: tabaka la pili la fandesheni, konsila nzito zaidi, poda juu yake. Saa mbili baadaye madoa yanarudi, makubwa kuliko yale ya kwanza.

Yanarudi kwa sababu zinazoeleweka, na ukizielewa hutahitaji kujaribu bidhaa kumi. Inatosha kujua kinachotokea kwenye eneo dogo kuliko ukucha, ambako vitu vitatu vimebanana: ngozi, utando wa rangi na kipedi cha plastiki.

Tuanze na utando. Fandesheni ya majimaji, ikiwa bado chupani, ni vimiminika viwili visivyopatana, maji na mafuta, vilivyochanganywa hadi kimoja kikaelea ndani ya kingine kwa matone madogo mno. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni. Humo ndani mna unga wa rangi: dioksidi ya titani, nyeupe, yenye uwezo mkubwa wa kufunika, pamoja na oksidi za chuma za aina tatu, nyekundu, njano na nyeusi. Rangi hizo nne zikichanganywa kwa viwango mbalimbali hutoa karibu kila rangi ya ngozi ya binadamu. Mna pia vimiminika vyepesi, kama silikoni nyepesi au isododekani, ambavyo kazi yake ni kusaidia rangi itandazike, kisha kugeuka mvuke na kuondoka. Mna mafuta mazito kidogo ambayo hayaondoki. Na katika fandesheni zilizotengenezwa zidumu, mna resini: vimiminika vikishatoweka, resini hubaki kama wavu uliozishika chembe za rangi na kuzikaza mahali pake.

Kwa hiyo unachopaka si kile kitakachokaa usoni mchana. Tufanye hesabu. Tuseme umetumia nusu gramu ya fandesheni kwa uso wote, na eneo la uso ni sentimita za mraba 500 hivi. Kila sentimita ya mraba inapata miligramu moja, nayo ikitandazwa sawasawa ina unene wa takriban maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Maji na vimiminika vyepesi vikiondoka, unene unaweza kushuka hadi nusu ya hapo. Utando huo ni mwembamba sana kuliko unywele, na ndio tunaoutaka uvumilie miwani siku nzima.

Sasa weka kipedi juu yake, kibonyeze, kisha kiondoe. Utando una sehemu tatu unapoweza kukatikia. Unaweza kubanduka kutoka kwenye ngozi. Unaweza kubanduka kutoka kwenye kipedi. Au unaweza kupasuka katikati, sehemu moja ikabaki kwa ngozi na nyingine ikaondoka na kipedi. Maumbile huchagua njia iliyo dhaifu kuliko zote. Pakaza siagi ya karanga kwenye kipande cha mkate, funika kwa kipande kingine, kisha vitenganishe: kila kipande kitaondoka na sehemu yake, kwa sababu siagi inaushika mkate kwa nguvu kuliko inavyojishika yenyewe. Fandesheni mbichi hufanya vivyo hivyo. Inanata kwa ngozi, inanata kwa plastiki, lakini ndani yake bado ni kimiminika kisicho na nguvu, hivyo inapasuka katikati na karibu nusu inahamia kwenye miwani.

Fandesheni iliyokauka vizuri, ambayo resini yake imekwisha kujifunga, ina mshikamano mkubwa wa ndani. Sasa udhaifu umehama. Mahali pepesi pa kuachana ni pale utando unapokutana na kipedi, na kipedi kikiinuka kinatoka kikiwa safi. Kazi yote ya kupaka vipodozi chini ya miwani ni hiyo tu: kuhamisha mahali pa udhaifu, kutoka katikati ya utando hadi juu yake. Kila hatua nitakayoitaja huku mbele inatumikia lengo hilo, na hatua isiyolitumikia unaweza kuiacha bila hasara, hata kama dada wa saluni ameisifia.

Kutokana na kanuni hiyo kuna jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Kama utando mbichi unapasuka katikati, unene ndio unaoamua ni kiasi gani kitahama. Utando wa maikromita 10 unapoteza 5. Ukigusa tena kwa kitu safi, unapoteza 2 na nusu. Ukigusa mara ya tatu, unapoteza moja na kidogo. Mguso wa kwanza ndio wenye madhara makubwa, na kila unaofuata unachukua kidogo kuliko uliotangulia. Ndiyo maana tabaka la pili linaongeza doa: umeurudishia utando unene wake na kukipa kipedi kitu kipya cha kuchukua. Na ndiyo maana karatasi laini ya tishu, ikibonyezwa puani kabla ya kuvaa miwani, inafanya kazi vizuri kuliko chupa nyingi za bei kubwa. Inachukua ile nusu ambayo ingechukuliwa na kipedi.

Unaweza kuuliza kwa nini kitu kidogo hivi kinaonekana sana. Kipedi cha kawaida kinagusa ngozi kwa eneo la milimita za mraba 60 hivi. Chini yake mna fandesheni isiyozidi sehemu 6 za kumi za miligramu, na nusu yake ndiyo inayohama. Ni kiasi ambacho mizani ya jikoni haiwezi kukiona. Lakini dioksidi ya titani na oksidi za chuma zilichaguliwa kwa sababu kiasi kidogo kinatosha kuficha kilicho chini, hivyo kiasi kidogo kikikosekana, pengo nalo linaonekana.

Uzito na mwelekeo wake

Miwani nyingi ina uzito wa gramu 20 hadi 40, na sehemu kubwa ya uzito huo hubebwa na pua. Masikio yanazuia miwani isianguke, yanabeba kidogo. Chukua miwani ya gramu 30 ambayo pua inabeba gramu 24. Kila kipedi kinapata gramu 12, ambazo ni kani ya nyutoni 0.12. Igawanye kani hiyo kwa milimita za mraba 60 upate kanieneo, yaani kani kwa kila eneo: paskali 2,000. Pua ina mteremko, na vipedi vinaibana kutoka pande mbili, hivyo kanieneo halisi huzidi hapo. Hata hivyo si namba ya kutisha. Utando uliokauka unaihimili.

Mambo hubadilika kipedi kikikaa upande. Ikiwa badala ya uso wake mzima kinagusa kwa ukingo wenye milimita za mraba 15, kani ileile inatoa paskali 8,000, mara nne ya mwanzo, na zote zimekusanyika kwenye mstari mmoja unaokata utando. Ukivua miwani na kukuta alama ya puani ina umbo la mwezi mwandamo badala ya yai, hapo hakuna fandesheni ya kukusaidia. Kipedi kinahitaji kunyooshwa na fundi miwani, kazi ya dakika chache.

Na kuna mwelekeo wa pili wa kani, ambao naona ndio mbaya zaidi: kuteleza. Utando unaobonyezwa kutoka juu una mahali pa kuegemea, yaani ngozi yenyewe. Utando unaosukumwa kando hauna. Kila mara miwani inapoteremka milimita mbili na wewe ukaisukuma juu kwa kidole kimoja, umeufuta utando kwenda na kurudi. Fanya hivyo mara ishirini kwa siku, na hata resini bora itang'oka. Kwa hiyo miwani isiyoteleza ni kipodozi cha kwanza, kabla ya praima na kabla ya kitu kingine chochote kinachouzwa dukani.

Adui anayetoka ndani

Ngozi ya pua ina tezi nyingi za mafuta kuliko sehemu kubwa ya mwili. Mafuta yake, yanayoitwa sebamu, ni mchanganyiko wa trigliseridi, nta na skwaleni, na katika joto la ngozi hubaki laini, yakitiririka polepole kutoka vinyweleoni mchana kutwa. Yanapofika chini ya utando hufanya mambo mawili: yanapunguza mshiko wake kwa ngozi, na yanaingia ndani ya utando na kuulainisha. Wavu wa resini uliokuwa mgumu saa mbili asubuhi unakuwa laini saa saba mchana. Udhaifu unarudi katikati, na mchezo wa siagi ya karanga unaanza upya.

Hapa ndipo maandishi ya kwenye chupa yanapowapoteza wanunuzi. Kipodozi kisichopitisha maji kimepimwa kwa maji. Kinaweza kustahimili jasho, machozi na manyunyu, kisha kikayeyuka kwa sebamu, kwa sababu mafuta huyeyusha vitu vya jamii ya mafuta. Mtu mwenye pua inayong'aa saa sita anahitaji utando unaovumilia mafuta, na neno la kuzuia maji halimwambii lolote kuhusu hilo.

Jasho lina tabia nyingine. Lenyewe haliyeyushi utando wa silikoni, lakini chini ya kipedi halina pa kwenda. Hewa haifiki, mvukizo unasimama, na tabaka la maji linabaki kati ya ngozi na utando. Ukitikisa kichwa, utando unaelea juu yake.

Kwa wanaoishi pwani kuna jambo la ziada. Kasi ya maji kugeuka mvuke inategemea unyevunyevu uliokwisha kuwamo hewani. Asubuhi ya Mombasa au Tanga, hewa ikiwa imejaa unyevu, sehemu ya maji katika fandesheni inakauka polepole kuliko Nairobi au Mbeya. Silikoni nyepesi na isododekani hazijali unyevunyevu, maana hewa haina mvuke wake hata kidogo. Zinaondoka kwa kasi ileile popote kwenye joto sawa. Kwa sababu hiyo, mkazi wa pwani mwenye miwani ana sababu ya kweli ya kuchagua fandesheni ambayo orodha ya viambato inaanza na silikoni au isododekani kabla ya maji, kwani orodha hiyo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Akiwa na ile ya maji tu, haina ubaya, ila aipe muda mrefu zaidi ikauke, akae mbele ya feni.

Tuifanye yote pamoja

Tuchukue mwalimu wa sekondari mjini Tanga. Pua yake ina mafuta, chini ya macho pana weusi, na miwani yake ni ya waya yenye vipedi vya silikoni. Anaingia darasani saa moja na nusu, na huko joto litapita nyuzi 30 kabla ya mchana.

Anaanza na miwani, uso bado haujaguswa. Anaiosha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, akisugua vipedi kwa kidole pande zote, kisha anaikausha kwa kitambaa laini. Hatua hii wengi huiruka, nami ningeiweka ya kwanza kila siku. Kipedi cha jana kina sebamu ya jana, na kukiweka juu ya utando mpya ni kuupaka kiyeyushi tangu dakika ya kwanza. Asitumie asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu inayeyusha plastiki ya fremu nyingi.

Anaosha uso, anapaka losheni nyepesi na kinga ya jua, lakini pembeni mwa pua anapaka kidogo mno. Anasubiri dakika kumi. Kisha anavaa miwani kwa dakika moja na kuivua, ili aone alama mbili vipedi vilipokaa. Hiyo ni ramani yake. Anabonyeza tishu juu ya alama hizo, kuondoa mafuta ya losheni ambayo hayakuingia.

Kama ana praima, anaipaka mashavuni na kwenye paji la uso, si kwenye zile alama. Praima nyingi zimejaa dimethikoni na jeli za silikoni zinazofanya ngozi iwe nyororo kuguswa, na unyororo huo chini ya kipedi ni utelezi.

Anaweka tone la fandesheni mgongoni mwa mkono, analichukua kwa sponji yenye unyevu kidogo, na anaanza katikati ya shavu akienda nje. Anagonga, haburuzi. Pua inapata mabaki tu ya sponji. Hapaki tone jipya puani hata kidogo, kwa sababu hapo ndipo unene unapoadhibiwa.

Baada ya hapo anafanya jambo ambalo mwanzoni linaonekana la ajabu: anachukua kijiti cha pamba kikavu na kufuta fandesheni juu ya zile alama mbili. Ngozi inabaki tupu, au karibu tupu. Kingo za eneo lililofutwa anazigonga kwa sponji ili rangi ififie taratibu, isiishie kwa mstari. Kipedi kitafunika mahali hapo mchana kutwa. Rangi iliyoko chini yake haionekani na mtu yeyote; kazi yake pekee ingekuwa kuhama. Pasipo na rangi hapana cha kuhama, na hata sebamu ikifurika, haina kitu cha kubeba.

Sasa konsila. Hii ina unga wa rangi mwingi kuliko fandesheni, na mara nyingi nta au mafuta mazito, kwa hiyo hupakwa nene kirahisi na hukauka polepole. Weusi chini ya macho huongezewa na kivuli cha fremu yenyewe, jambo linalomshawishi mtu kupaka zaidi. Mwalimu wetu anapambana nao kwa rangi badala ya unene. Kwenye ngozi ya kahawia, weusi huo huelekea bluu au kijivu, na rangi ya chungwa iliyokolea huipunguza bluu hiyo. Anapaka utando mwembamba wa kirekebishi cha chungwa mahali penye weusi tu, anaugonga, kisha juu yake tone la konsila lenye upana wa milimita tatu kwa kila jicho. Tabaka hizo mbili nyembamba zina rangi kidogo kuliko konsila moja nene ambayo ingehitajika kufunika bluu peke yake.

Anaanzia kona ya ndani ya jicho na kuishia milimita tano juu ya mahali ukingo wa fremu unapokaa. Mstari huo anaujua kwa sababu ameshavaa miwani na kutabasamu mbele ya kioo. Chini ya mstari huo konsila haishuki.

Kisha anasubiri, na sioni hatua inayorukwa zaidi kuliko hii. Dakika tano zinatosha mahali pakavu. Huko Tanga aipe saba au nane, akivaa viatu na kupanga daftari zake. Saa si kipimo kizuri kama ngozi. Aguse shavu kwa mgongo wa kidole: kikinata wakati wa kuondoka, bado. Kikiondoka bila kuvutwa, vimiminika vyepesi vimekwenda.

Anakunja tishu na kuibonyeza pande za pua na juu ya mashavu, pale fremu inapogusa, kwa sekunde kumi bila kuivuta. Tishu itachukua rangi kidogo. Anageuza upande safi na kubonyeza tena. Mara ya pili rangi ni hafifu sana, na ile hesabu ya nusu kwa nusu inaonekana kwa macho.

Poda inafuata. Chembe zake, ziwe za silika, ulanga au wanga wa mahindi, hunyonya mafuta ya kioevu yaliyobaki kati ya chembe za rangi, hivyo utando unakuwa mkavu na mgumu. Anatumia brashi ndogo au pedi ya poda, anabonyeza kiasi kidogo, anaacha dakika moja, kisha anapangusa inayozidi. Poda ina uwezo wenye mwisho. Vitundu vyake vikijaa sebamu haviwezi kunyonya tena, na poda mpya juu ya mafuta hutengeneza tope. Silika nyingi kwenye ngozi nyeusi pia huacha ukungu mweupe, unaoonekana zaidi kwenye picha zinazopigwa kwa mwako wa kamera.

Mwisho ni dawa ya kupulizia, ikiwa anayo. Asome viambato. Yenye gliserini na maji ya waridi tu ni ya kuburudisha na inaurudishia uso unyevu aliokwisha kuuondoa. Inayofaa ina alkoholi na jina linaloishia na kopolima, kama akrileti kopolima. Hiyo hukauka na kuacha utando wa plastiki usioonekana. Anapulizia kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, macho yamefumbwa, miwani ikiwa mbali mezani, na anasubiri ikauke kabisa kabla ya kuivaa.

Anaivaa kwa mikono miwili, akiileta moja kwa moja kutoka mbele na kuiteremsha mahali pake. Haivutwi kutoka ncha ya pua kwenda juu.

Kusoma doa

Kama bado kuna uhamaji, umbo lake na saa yake husema chanzo. Doa la mviringo lenye kingo safi, lililotokea ndani ya robo saa, ni utando uliokuwa mbichi au mnene. Dawa yake ni subira na tishu, na hakuna haja ya kununua kitu. Doa linalotokea baada ya saa tatu au nne, lenye kung'aa, na kipedi kikiguswa kinateleza, ni sebamu. Hapo punguza losheni puani, tumia fandesheni yenye resini na poda, na ukubali kwamba lazima utafyonza mafuta kwa tishu mara moja mchana. Mchirizi unaoshuka chini ya alama ya kipedi ni miwani inayoteleza. Na upinde juu ya shavu ni fremu inayogusa unapocheka au kutafuna.

Huo upinde wa shavuni unahitaji maneno zaidi, kwa sababu wanawake wengi wa kwetu huulaumu uso wao. Fremu nyingi zinazouzwa zimechongwa kwa pua yenye daraja la juu na jembamba. Zikiwekwa kwenye pua pana yenye daraja la chini, hushuka, na ukingo wa chini hulala shavuni hata kabla ya kucheka. Zaidi ya hayo, lenzi huinamishwa makusudi, sehemu ya chini ikielekea usoni kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi, ili ziendane na namna macho yanavyotazama. Mwinamo ukizidi, shavu linaguswa. Vaa miwani, tabasamu kwa dhati, kisha jaribu kupitisha kipande cha karatasi kati ya ukingo na shavu. Kikikwama, tatizo ni fremu.

Nenda kwa fundi na umwambie waziwazi: "Fundi, nikicheka fremu inagusa mashavu, naomba uniinulie kidogo na upunguze mwinamo." Kwenye fremu ya waya atasogeza vipedi vikaribiane, na miwani itapanda milimita moja au mbili. Kwenye fremu ya plastiki isiyo na vipedi ataipasha moto na kurekebisha mikono yake, au atabandika vipedi vya silikoni vinavyoinua fremu. Usiipashe mwenyewe kwenye jiko, kwani joto likizidi huharibu mipako ya lenzi na kupinda fremu isirudi. Anayenunua miwani mpya na anajua atapaka vipodozi kila siku, namshauri achague vipedi vinavyorekebishika na fremu isiyo ndefu kwenda chini. Uamuzi huo wa siku moja unaokoa asubuhi nyingi.

Mchana, mwalimu wetu akihisi miwani imeteremka, anaishika mikono yote miwili kwenye viungo, anaiinua kutoka puani bila kuiburuta, na kuiweka upya. Saa sita anaivua, anabonyeza tishu puani, anafuta vipedi, anarudisha. Haongezi poda kabla ya kuondoa mafuta. Pakitokea pengo, anagonga ukingo wake kwa kidole safi ili rangi ya jirani isambae. Haongezi konsila juu ya ngozi yenye sebamu.

Kuna alama ambazo konsila isitumwe kuzificha. Wekundu unaotoweka nusu saa baada ya kuvua miwani ni wa kawaida. Lakini alama inayobaki hadi kesho yake, weusi unaokolea mwezi hadi mwezi, ngozi inayochubuka au kuwasha ni dalili kwamba kipedi kinabana vibaya au ngozi inakataa metali, mara nyingi nikeli. Rangi juu ya mchubuko huongeza msuguano na kuchelewesha kupona. Mahali hapo pabaki wazi, fremu irekebishwe, na mwasho usipokoma aonwe daktari wa ngozi.

Jioni vipedi huoshwa tena. Vikiwa na ukijani kuzunguka skrubu, hiyo ni kutu ya shaba iliyomo kwenye metali ya fremu, iliyoliwa na jasho na mafuta ya ngozi. Sabuni na mswaki laini huiondoa kwenye metali. Kwenye kipedi chenyewe, silikoni iliyogeuka njano imeshanyonya mafuta, na haioshwi ikatoka. Vipedi vipya ni vya bei ndogo, na fundi huvibadilisha huku ukisubiri.